Riba Iliyoandikwa na Riba Halisi: Hesabu ya Mkopo wa Pampu

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa maafisa wa vikundi vya umwagiliaji katika kikao cha mafunzo ya fedha. Imechapishwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mada ya leo ni hesabu moja tu. Ni hesabu fupi, inaingia katika kikokotoo cha simu, lakini ikikosewa inaweza kukifanya kikundi kikatae mkopo uliokuwa na faida au kikubali ule wa hasara. Inahusu tofauti kati ya riba iliyoandikwa kwenye mkataba na riba halisi, yaani ile inayobaki baada ya mfumuko wa bei kuchukua chake.

Kabla ya kufika kwenye mkopo, zingatieni unga. Mtu ana shilingi 100,000 leo, na pakiti ya unga ya kilo 2 inauzwa shilingi 200. Fedha zake zinatosha pakiti 500. Badala ya kununua, anamkopesha jirani kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Mwaka ukiisha anarudishiwa shilingi 114,000. Lakini katika mwaka huo bei zimepanda kwa asilimia 5, na pakiti sasa ni shilingi 210. Gawanya 114,000 kwa 210, unapata pakiti 542 na kitu. Alianza na 500, sasa ana karibu 543. Kwa hiyo faida yake, ikipimwa kwa unga na si kwa noti, ni asilimia 8.57. Hiyo ndiyo riba halisi. Ile 14 ni riba iliyoandikwa.

Wengi hufanya hesabu hii kwa kutoa: 14 ukitoa 5 inabaki 9. Ni karibu na kweli, ila si kweli yenyewe, na inafaa kuelewa kwa nini. Ili mtu huyu anunue tena zile pakiti zake 500 za mwanzo, sasa anahitaji shilingi 105,000. Zinabaki shilingi 9,000. Hizo 9,000 ndizo faida yake, lakini hawezi kuzinunulia unga kwa bei ya mwaka jana. Angeweza, angepata pakiti 45, na faida ingekuwa asilimia 9 kamili. Duka linamuuzia kwa 210, kwa hiyo anapata pakiti 42 na kitu kidogo. Anayetoa tu anakumbuka kwamba mtaji ulipungua nguvu, lakini anasahau kwamba hata ile riba yenyewe ililipwa kwa shilingi iliyopungua nguvu.

Ndiyo maana uhusiano kamili hauna kutoa, una kuzidisha na kugawanya. Ikiwa herufi a ni riba iliyoandikwa, h ni riba halisi, na m ni mfumuko wa bei, vyote vikiandikwa kwa desimali, basi:

(1 + a) = (1 + h) × (1 + m)

na ukitaka riba halisi:

h = (1 + a) ÷ (1 + m) − 1

Kwa mfano wa unga, 1.14 ÷ 1.05 ni 1.0857, ukitoa 1 inabaki 0.0857. Uhusiano huu hujulikana kwa jina la Irving Fisher, mwanauchumi wa Marekani aliyeuchambua kwa kina mwaka 1896.

Mfumuko ukiwa mdogo, kosa la kutoa ni dogo na halimuui mtu. Ukiwa mkubwa, hali ni nyingine. Mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika wastani wa takriban asilimia 46. Chukua mtu ambaye angepata riba ya asilimia 30 katika mwaka kama huo. Kwa kutoa, amepoteza asilimia 16. Kwa hesabu kamili, 1.30 ÷ 1.46 ni 0.89, yaani amepoteza asilimia 11. Hayo ni makosa ya pointi tano.

Sasa twende kwenye pampu.

Huu ni mfano uliotungwa, lakini takwimu zake si ngeni kwa wanaomwagilia mboga kando ya mto. Kikundi cha watu 20 kinatumia pampu ya petroli. Wanataka kununua pampu ya sola kwa shilingi 300,000. Wamehesabu kwamba kwa bei za leo, petroli na oili watakazookoa, ukiondoa gharama ya kuosha paneli na kubadilisha vipuri, ni shilingi 95,000 kwa mwaka. Kwa tahadhari wanaihesabia pampu miaka 4 tu, na baada ya hapo wanaichukua kama haina thamani. Ushirika wa akiba na mikopo uko tayari kuwakopesha kwa asilimia 14 kwa mwaka kwa salio linalopungua, na kiwango hicho hakibadiliki hadi mwisho wa mkopo. Mfumuko wanautarajia kuwa asilimia 5.

Swali lao ni kama akiba ya miaka 4 ijayo, ikirudishwa kwenye thamani ya leo, inazidi shilingi 300,000. Kurudisha maana yake ni kugawanya. Fedha za mwaka mmoja ujao zinagawanywa kwa 1 pamoja na riba mara moja, za miaka miwili mara mbili, na kuendelea.

Mweka hazina alichukua daftari. Aliandika 95,000 kwa kila mwaka, akagawanya kwa 1.14, kisha kwa 1.14 tena, hadi mwaka wa nne. Jumla yake ilikuwa shilingi 276,803.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "hii pampu ina hasara ya elfu ishirini na tatu. Tuachane nayo."

Katibu wa kikundi, kijana wa chuo, akaomba daftari. "Shikamoo Mama, samahani. Hizo elfu tisini na tano ni za bei gani? Za leo au za mwaka ule?"

"Marahaba. Ni za leo. Ndizo tunazolipa kwenye kituo cha mafuta sasa."

"Na ile kumi na nne ya ushirika, si tayari imeweka ndani yake kupanda kwa bei?"

Hapo ndipo penye kiini cha mada hii yote. Anayekopesha kwa asilimia 14 anajua kwamba shilingi atakazorudishiwa zitakuwa na nguvu ndogo, na sehemu ya hiyo 14 ni fidia yake. Kwa hiyo 14 ni riba ya shilingi za wakati ule. Lakini 95,000 ya mweka hazina ni shilingi za leo. Aliweka akiba isiyopanda bei juu ya riba iliyopandishwa kwa ajili ya bei. Mfumuko ulihesabiwa upande mmoja, ukaachwa upande wa pili.

Hesabu yake haikuwa na kosa la kugawanya. Kile ilichosema kimyakimya ni kwamba petroli itauzwa kwa bei ileile ya leo kwa miaka 4 mizima. Mtu akiamini hivyo kweli, jibu la mweka hazina ni sahihi. Lakini hakuna aliyekuwa kwenye kile kikao aliyeamini hivyo, hata mweka hazina mwenyewe.

Kuna njia mbili za kurekebisha, na zote mbili hufika mahali pamoja. Ya kwanza ni kubaki na shilingi za leo pande zote. Akiba inabaki 95,000 kila mwaka, na riba inayotumika ni ile halisi, asilimia 8.57. Mwaka wa kwanza, 95,000 ÷ 1.0857 ni 87,500. Wa pili ni 80,592, wa tatu 74,230, na wa nne 68,369. Jumla ni 310,691. Pampu inalipa, na inabaki faida ya shilingi 10,691 kwa thamani ya leo.

Ya pili ni kwenda na shilingi za wakati ule pande zote. Akiba ya 95,000 inapandishwa kwa asilimia 5 kila mwaka: 99,750 mwaka wa kwanza, 104,738 wa pili, 109,974 wa tatu, 115,473 wa nne. Kisha kila moja inagawanywa kwa 1.14 kadiri ya miaka yake. Mwaka wa kwanza, 99,750 ÷ 1.14 ni 87,500, tarakimu ileile ya njia ya kwanza. Miaka mingine nayo inalingana, na jumla ni 310,691 vilevile. Si bahati. Katika njia ya pili umezidisha kwa 1.05 kisha ukagawanya kwa 1.14, na katika ya kwanza umegawanya kwa 1.14 ÷ 1.05. Ni kitendo kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili. Zingatieni kwamba kulingana huku kunatokea tu mkitumia uhusiano kamili. Mkitumia 9 ya kutoa, njia ya kwanza itawapa 307,773, na mtakaa mkitafuta shilingi 2,918 zilizopotea.

Hii ndiyo njia nzuri ya kujikagua. Fanya hesabu kwa njia zote mbili. Majibu yakipishana kwa zaidi ya shilingi chache za kukadiria desimali, kuna mahali shilingi za leo zimechanganywa na za kesho.

Mchanganyiko wa kinyume upo pia, na ndio unaopendwa na wenye kuuza mitambo. Mtu anapandisha akiba kwa asilimia 5 kila mwaka, kisha anaigawanya kwa riba halisi ya 8.57. Kwa pampu hii angepata 349,761, yaani faida ya karibu shilingi 50,000. Safari hii mfumuko umehesabiwa mara mbili kwa faida ya pampu: umepandisha akiba, na umeshusha riba. Karatasi ya muuzaji ikionyesha akiba inayokua mwaka hadi mwaka, muulizeni kwanza riba aliyotumia kuirudisha leo ni ipi.

Basi pampu inalipa. Lakini kulipa kwa miaka 4 na kuweza kulipa mwaka huu ni mambo mawili, na hapa ndipo vikundi vingi hujikwaa.

Marejesho ya mkopo ni shilingi za mkataba. Hayapandi na bei. Mkopo wa 300,000 kwa asilimia 14, ukilipwa kwa marejesho sawa mara moja kwa mwaka kwa miaka 4, ni shilingi 102,961 kila mwaka. Akiba ya mwaka wa kwanza ni 99,750. Zinapungua shilingi 3,211. Mwaka wa pili akiba imefika 104,738, inabaki ziada ya 1,777. Wa tatu ziada ni 7,013, na wa nne 12,512. Mradi wenye faida unaanza kwa upungufu.

Sababu ni ileile riba iliyoandikwa. Kwa kuwa ina fidia ya mfumuko ndani yake, mkopaji anaanza kuilipa fidia hiyo tangu mwaka wa kwanza, kabla bei hazijapanda vya kutosha kumsaidia. Mwishoni mzigo unakuwa mwepesi: rejesho la mwaka wa nne, ingawa bado linasomeka 102,961, kwa nguvu ya shilingi ya leo ni 84,706 tu. Uzito uko mwanzoni. Kikundi cha mfano wetu kingehitaji kila mmoja wa wanachama 20 achange shilingi 161 mwaka wa kwanza. Si kiasi kikubwa, lakini kikundi ambacho hakikukiona mapema hukutana nacho siku ya rejesho, na faini ya kuchelewa huanza kula ile faida ya elfu kumi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mradi unalipa, njia yoyote kati ya mbili inafaa. Ukitaka kujua kama mtakuwa na fedha mkononi siku ya kulipa, tumia shilingi za wakati ule tu, kwa sababu ndizo mtakazodaiwa.

Linabaki swali la mfumuko wenyewe. Asilimia 5 imetoka wapi? Ndiyo shabaha ya kati ambayo Benki Kuu ya Kenya imewekewa, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa pointi 2.5. Mfumuko uliokwisha tokea hutangazwa kila mwezi na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Tarakimu ya kutumia ni ile ya mwaka, inayolinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita, wala si badiliko la mwezi mmoja. Lakini tarakimu hiyo inasimulia ya nyuma, na mkopo unakwenda mbele. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa 2.7. Mkopo wa asilimia 14 una riba halisi ya 4.0 ukipimwa kwa tarakimu ya kwanza, na 11.0 kwa ya pili. Mkataba ni uleule, ila uzito wake umekaribia mara tatu.

Watu wengi huudhika bei zikipanda na kufurahi zikitulia, na wana haki. Ila mwenye deni la riba isiyobadilika yuko upande mwingine. Mfumuko ukishuka hadi asilimia 2.5, riba halisi ya mkopo wa pampu inapanda hadi 11.22. Akiba ya petroli ikifuata bei za jumla, thamani yake ya leo inashuka hadi 293,356. Faida imegeuka hasara ya 6,644. Mfumuko ukiwa 7.5, thamani inakuwa 328,835. Kikundi kisiishie kwenye tarakimu moja. Kifanye hesabu kwa 2.5, kwa 5 na kwa 7.5, kisha kiamue kama kinaweza kuvumilia ile mbaya. Na mkopo ukiwa wa riba inayopanda na kushuka, kama ilivyo mikopo mingi ya benki, hesabu hii ya riba isiyobadilika haiwafai bila marekebisho: riba iliyoandikwa nayo huweza kusogea.

Jambo la mwisho linahusu neno "bei". Mfumuko wa KNBS ni wa kapu zima la matumizi ya nyumbani: chakula, nauli, kodi ya nyumba, karo na mengine mengi. Petroli ni kitu kimoja katika kapu hilo, na haiendi sambamba nalo. Bei yake ya juu hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na mamlaka ya kawi, EPRA, na inaweza kukaa kimya miezi kadhaa kisha ikaruka. Nyanya nazo zina tabia yao. Kwa hiyo anayetaka usahihi zaidi atumie njia ya pili: kila mstari wa fedha upandishwe kwa kasi ya bei yake yenyewe, petroli kwa makisio ya petroli, vipuri kwa ya vipuri, kisha vyote vigawanywe kwa riba iliyoandikwa. Njia ya kwanza, ya shilingi za leo na riba halisi, inadai kwamba kila kitu kinapanda sawa na kapu. Pale madai hayo yasiposhika, majibu ya njia mbili yatapishana, na la kuaminiwa ni la njia ya pili.

Katika kile kikundi, mweka hazina alirudishiwa daftari lake. Alifuta ile 276,803, akapiga mstari katikati ya ukurasa, na juu ya kila safu akaandika kwanza "za leo" au "za mwaka ule" kabla ya kuanza kugawanya upya.